Tisa kwenye Shimo la Pili

Kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo Mama huwekea vitambulisho, risiti za umeme na kadi za kliniki, kuna kadi moja ya gofu iliyokunjwa mara mbili. Imeandikwa kwa penseli fupi, zile zisizo na kifutio. Mistari tisa, namba tisa, sahihi mbili. Kwenye mstari wa pili kuna namba ambayo hata mtu asiyejua gofu ataiona haifanani na wenzake: 9. Chini kabisa, jumla: 41.

Ni kadi ya Baba. Alikuwa kedi kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani mtu wa kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo, kumtafutia mpira kwenye majani na kumwambia upepo unatokea wapi. Watu wa Arusha wanavijua viwanja vya gofu kwa kupita pembeni yake. Kuna Gymkhana pale mjini, yenye mashimo 9 ambayo ukitaka mzunguko kamili unayazunguka mara mbili. Kuna Kili Golf upande wa Usa River, mashimo 18, uliochorwa na David Jones. Chalii wengi niliosoma nao wamepita kwenye uzio wa mojawapo wakielekea shule na hawajawahi kujua watu waliomo ndani wanahesabu nini. Mimi nilijua, kwa sababu nilijifunza kutoa na kujumlisha kwenye kadi kama hii kabla sijafika darasa la tatu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na kadi hii ndiyo data ya kwanza niliyowahi kuikosea.

*

Nianze na neno lenyewe, pa. Mchezo wa gofu ni kuupiga mpira kutoka kwenye kijiwanja cha kuanzia, kinachoitwa tii, mpaka uingie kwenye shimo lililoko mbali kwenye majani yaliyonyolewa, yanayoitwa grini. Kila unapoupiga ni mkwaju mmoja. Pa ya shimo ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari, asiyekosea na asiyebahatika, angetumia.

Baba alinifundisha kuitafuta pa bila kusoma kibao. Alisema kila shimo lina mikwaju miwili iliyokwisha tengwa kwa ajili ya grini, ile ya kuusukuma mpira taratibu. Hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni mikwaju ya kufika huko. Shimo fupi, ambalo hodari anafika kwa mkwaju mmoja, ni moja jumlisha mbili: pa tatu. La kati anafika kwa miwili: pa nne. Refu anafika kwa mitatu: pa tano. Kwa wanaume, pa nne ya leo huwa kati ya yadi 240 na 490 hivi. Kwa wanawake ni kati ya 200 na 420. Kwa hiyo shimo lile lile linaweza kuwa pa nne kwa Baba na pa tano kwangu, na hakuna anayependelewa. Pa inapima safari ya kufika, na safari zetu si sawa.

Kutoka hapo majina mengine yanafuata kama ngazi. Ukimaliza shimo kwa mkwaju mmoja pungufu ya pa, umepata bedi. Ukipunguza miwili, umepata igo. Ukipunguza mitatu ni albatrosi, ambayo Baba, katika miaka yake yote ya kubeba mifuko, hakuwahi kuiona kwa macho. Ukizidisha mmoja ni bogi, ukizidisha miwili ni dabo bogi, na kuendelea chini huko ambako watu huacha kutaja majina na kutaja namba tu. Makedi walikuwa na namna yao ya kuyasema. Mchezaji akirudi wakamuuliza kedi wake kwa mbali "vipi?", kedi alipunga mikono kama mbawa ikiwa palikuwa na bedi. Ikiwa ni bogi alitazama viatu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani bogi ni neno la Kiswahili, kama lile bogi la treni, na niliona lina mantiki: kitu kizito kinachoburutwa nyuma. Ukweli wake nilikuja kuusoma baadaye, na ulinishangaza kwa sababu bogi haikuanza kama kosa. Mwaka 1890, huko Coventry, Uingereza, Hugh Rotherham alipendekeza kila shimo liwekewe alama ya kiwango, ile ambayo mchezaji mzuri angepaswa kuipata, ili mtu aweze kushindana nayo hata akiwa peke yake. Wakati huo palikuwa na wimbo wa mzimu uliokuwa ukiimbwa sana kwenye kumbi za muziki, na mchezaji mmoja wa Great Yarmouth, akihangaika kukifikia kiwango hicho, akakilinganisha na yule mzimu anayekuwinda wala humkamati. Jina likabaki: Bogi. Mabaharia na wanajeshi wa klabu moja ya Gosport walimpa hata cheo, wakamwita Kanali. Kwa hiyo bogi ilikuwa mpinzani asiyeonekana, asiyechoka, asiyekosea.

Pa nayo ilikuwepo pembeni, imeazimwa kutoka soko la hisa, ambako ilimaanisha thamani ya kawaida ya hisa. Mwaka 1870 mwandishi aitwaye Doleman aliwauliza wachezaji wawili wa kulipwa ni mikwaju mingapi ingetosha kwa mchezo usio na kosa kwenye mashimo 12 ya Prestwick, Uskoti. Wakamjibu 49. Mashindano yalikuwa ya mizunguko mitatu, kwa hiyo 147. Tom Morris Mdogo akashinda kwa 149, na Doleman akaandika kwamba alikuwa miwili juu ya pa. Baadaye, mipira na fimbo zilipoboreshwa, Wamarekani waliikaza pa ikawa kali kuliko bogi, na mwaka 1911 chama chao cha gofu kiliipangia urefu rasmi. Yule Kanali akabaki na namba zake za zamani, na kwenye mashimo mengi zikawa zimezidi pa kwa mmoja. Ndiyo maana leo bogi ni pa jumlisha moja. Kilichokuwa kiwango cha hodari kimekuwa jina la kuteleza, wala si kwamba aliyecheza amezidi kuwa mbaya. Kipimo ndicho kilichosogea.

Ndege walikuja kutoka Marekani vilevile. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya klabu ya Atlantic City, New Jersey, mwanzoni mwa karne ya 20, ambako mchezaji aliupiga mpira vizuri mno na mmoja akausifia kwa msemo wa mitaani wa wakati ule, kwamba huo ni "ndege" wa mkwaju. Kilichozidi ndege mdogo kikahitaji ndege mkubwa, na Mmarekani akitafuta ndege mkubwa atamtaja tai. Ndiyo igo.

*

Sasa nirudi kwenye kadi.

Ilikuwa mashindano ya makedi wenyewe, siku ambayo wenye uwanja walituachia asubuhi nzima. Baba alikuwa na miaka hamsini na kitu, magoti yake yakiwa yameanza kumsumbua. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nipo nyumbani likizo, na siku hiyo mimi ndiye nilikuwa kedi wa kedi. Makedi kama arobaini, mashimo 9 tu kwa kuwa tulikuwa wengi, zawadi kwa watatu wa kwanza. Zawadi ya tatu ilikuwa godoro na bahasha. Sikujua ndani ya bahasha kuna kiasi gani, ila nilijua ada yangu ilikuwa imepungua kiasi gani, na kichwani nilikuwa nimeshazikutanisha namba hizo mbili.

Yalikuwa mashindano ya mikwaju, yale makedi wanayoyaita strok plei. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: unahesabu kila mkwaju kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho, unajumlisha, na mwenye jumla ndogo kuliko wote uwanjani ndiye mshindi. Hucheza na mtu mmoja. Unacheza na kila aliyeko uwanjani, wakiwemo usiowaona.

Baba alipangwa na mzee mmoja wa Ilboru, rafiki yake wa tangu ujana. Kabla ya kuanza walibadilishana kadi. Katika mchezo wa mikwaju huandiki kadi yako: mwenzako anaandika yako nawe yake, na mwisho kila mmoja anakagua na kutia sahihi.

Shimo la kwanza, pa nne, Baba alipiga nne, mzee wa Ilboru tano. Tukaenda la pili tukitabasamu.

La pili ni pa tano yenye uzio upande wa kulia, na vigingi vyeupe kuonyesha mpaka. Mpira wa Baba ulianza vizuri kisha ukakata kulia, ukavuka vigingi. Kanuni ya nje ya mpaka haina huruma: mkwaju uliopiga unahesabiwa, unaongezewa mmoja wa adhabu, kisha unarudi pale pale ulipopigia. Kwa hiyo mpira wa pili Baba aliupiga ukiwa mkwaju wa tatu. Nao ukavuka. Mmoja tena wa adhabu, wa nne. Mpira wa tatu ukiwa mkwaju wa tano ukakaa katikati ya uwanja. Wa sita ukasogea, wa saba ukapanda grini, wa nane ukasimama karibu na shimo, wa tisa ukaingia.

Tisa. Miwili ilipotelea mipakani na miwili ilikuwa adhabu. Ukiitoa hiyo minne, unabaki na mitano. Ule mpira wa tatu, peke yake, ulicheza pa.

Mzee wa Ilboru alipiga tano, akaandika tisa ya Baba bila kunyanyua uso.

Baba hakusema kitu mpaka la tatu. Kisha alicheza kama mtu aliyekwisha lipa deni. La tatu, pa tatu, wote tatu. La nne, pa nne, Baba nne, mwenzake tano. La tano Baba aliteleza, tano kwa nne. La sita, pa tatu, aliusimamisha mpira hatua chache kutoka kwenye shimo na kuusukuma ndani kwa mkwaju wa pili: bedi. Aliusukuma kushoto ya pale nilipomwonyesha. "Mpira unaukimbia mlima," alisema. Huo ni msemo wao. Ardhi yote ya huku inaukimbia Meru kuelekea kusini, na jicho lako likidanganywa na majani yaliyonyolewa ukadhani pako sawa, mpira unakukumbusha. La saba wote nne. La nane, pa tano, Baba tano, mwenzake sita.

Tulifika la tisa, pa nne, Baba akiwa na 36. Watu waliotutangulia walikuwa wamekaa kivulini wakitaja namba zao, na nilikuwa nimesikia ya kutosha kujua kwamba nne pale, yaani jumla 40, ingempa nafasi ya tatu.

Mpira wake wa kwanza uliingia kwenye majani marefu ya pembeni, yale ya kikuyu, yanayoubeba mpira juu kama yai kwenye kiota. Nilisimama hatua tatu nyuma yake. Mzee wa Ilboru alikuwa upande wa pili kabisa, akitafuta wake. Baba aliiweka fimbo nyuma ya mpira, majani yakalala, na mpira ukashuka. Nusu mzunguko. Nembo iliyokuwa inatazama juu ikatazama pembeni.

Niliuona. Nikatazama miti.

Baba alirudi nyuma, akainua mkono, akamwita mwenzake kwa sauti. "Umesogea. Nimeusogeza mimi." Adhabu yake ni mkwaju mmoja, na mpira unarudishwa pale ulipokuwa. Mzee wa Ilboru alikuja mpaka karibu, akatazama majani, akatazama mpira. "Una uhakika? Mimi sijaona."

"Mimi nimeona."

Alipiga, ukapanda grini, akausukuma mara mbili. Tano. Jumla 41. Kijana mmoja wa Ngaramtoni naye alikuwa na 41. Kwenye sare waliangalia mashimo ya mwisho, kijana akatangulia. Godoro likaondoka kwenye bodaboda, limefungwa kwa kamba, na bahasha ikaondoka kwenye mfuko wa shati la mtu mwingine.

*

Usiku ule nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na haki nayo, na nikaifanya ninachokifanya siku zote na hasira: nikaihesabu. Baba alikuwa amerudi na nakala za kadi zote mbili. Nilichukua daftari nikazipanga upya, safari hii kwa njia ya zamani zaidi ya gofu, mchezo wa mashimo, ambao makedi wanauita mechi plei.

Huko hakuna jumla. Kila shimo ni pambano linalojitegemea. Aliyetumia mikwaju michache anachukua shimo hilo, wakilingana wanagawana, kisha wanaanza upya wakiwa na mikono mitupu. Unachohesabu ni mashimo uliyotangulia. Ukitangulia kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama hamjafika mwisho, na matokeo hutajwa kwa namba mbili: umetangulia kwa mangapi, na yalibaki mangapi.

Nikapanga. La kwanza, Baba. La pili, lile la tisa kwa tano, mzee wa Ilboru: wako sawa. La tatu sare. La nne Baba, la tano mzee, sawa tena. La sita Baba kwa bedi. La saba sare. La nane Baba. Sasa Baba ametangulia kwa mawili na limebaki moja tu. Mchezo umekwisha. Baba ameshinda, mbili kwa moja, na shimo la tisa, lenye yale majani na ule mpira uliogeuka nusu mzunguko, halikuchezwa kabisa.

Kwa mikwaju, mzee wa Ilboru alikuwa na 39 na Baba 41: Baba kashindwa kwa miwili. Kwa mashimo, kutoka namba zile zile, Baba kashinda. Tofauti yote iko kwenye ile tisa. Katika mchezo wa mikwaju kosa lina kumbukumbu. Lilimgharimu mikwaju minne mbele ya mwenzake na akatembea nayo mashimo saba. Katika mchezo wa mashimo, tisa kwa tano na sita kwa tano ni kitu kimoja. Shimo moja, basi.

Asubuhi nilimpelekea Baba daftari akinywa chai. Nilitegemea angecheka. Aliisoma polepole, akifuatisha kwa kidole, kisha akanirudishia.

"Hii siyo," alisema.

"Hesabu si sahihi?"

"Hesabu ni sahihi. Ila ungekuwa mchezo wa mashimo, hizi namba zisingekuwepo."

Akanieleza, na bado sijapata mwalimu wa takwimu aliyelieleza vizuri zaidi. Kwenye shimo la pili, katika mchezo wa mashimo, mara baada ya mpira wake wa pili kuvuka uzio na mwenzake yuko katikati ya uwanja kwa mmoja, angempa mkono. Unaruhusiwa kumwachia mpinzani mkwaju, shimo, hata mchezo mzima. Tisa isingeandikwa, ingeandikwa "limekwenda". Na mwenzake, badala ya kucheza kwa hofu ya kuharibu kadi yake, angecheza akimtazama Baba. La nane alipiga sita kwa sababu alitafuta kwa nguvu kufika grini kwa miwili. Angekuwa ametanguliwa kwa moja na yamebaki mawili, labda angefanya hivyo hivyo, labda asingefanya. Baba naye, baada ya bedi la sita, angecheza kwa usalama. "Mtu anapiga akijua anapimwaje," alisema. "Ukibadilisha kipimo baadaye, umempima mtu ambaye hakuwepo."

Nikamuuliza basi lile la tisa. Nilimwambia nilichokiona, na kwamba nilitazama miti. Alikaa kimya kidogo.

"Kwenye mashimo," alisema, "ni mimi na yeye. Nikikosea akaniona, anaweza kuamua mwenyewe kulinyamazia, mradi hatukupatana. Ni haki yake, yeye ndiye ninayemchezea. Jana kulikuwa na watu arobaini. Yule kijana wa Ngaramtoni alikuwa kivulini anakunywa soda. Nani angemsemea?"

Kanuni zenyewe zinasema kitu hicho hicho kwa lugha kavu. Katika mchezo wa mikwaju huwezi kumwachia mwenzako hata sentimita tano, lazima mpira uingie, kwa sababu zawadi si yako kuigawa. Na kadi ikitiwa sahihi ikiwa na namba ndogo kuliko uliyopiga kweli, unaondolewa. Ikiwa na namba kubwa kuliko ukweli, inabaki hivyo hivyo. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipata bedi kwenye shimo la 17. Mwenzake akamwandikia nne badala ya tatu, naye akatia sahihi. Namba ile ikasimama. Mkwaju mmoja ambao hakuupiga ulimnyima nafasi ya kurudiana na Bob Goalby kuamua bingwa. Baba aliijua hadithi hiyo kuliko alivyojua mabao ya Taifa Stars.

Ada nilimalizia mwezi wa pili wa muhula, kwa mkopo wa kikundi cha Mama. Daftari lile ninalo bado. Mwaka huu nikichakata data za utafiti wangu nilikutana na namba moja iliyokaa mbali na wenzake, na mtu niliyemheshimu akaniambia ifutwe tu, itaharibu picha. Niliitazama siku mbili. Haikuwa kosa la kupima. Ilikuwa tisa. Nikaiacha, na picha ikaharibika.

*

Baba habebi tena mifuko. Magoti yamekataa ile miteremko. Ila Jumatatu moja ya Agosti, baridi ya Arusha ikiwa imeshuka mpaka mabegani na Meru haionekani kabisa, aliniomba tukacheze mashimo 9. Sisi wawili tu. Akasema mechi.

Yeye hendikapu yake ni 8 na yangu ni 26. Hendikapu ni mikwaju ambayo mtu huzidisha juu ya pa kwa makadirio, na katika mchezo wa mashimo unachukua tofauti ya watu wawili. Yetu ni 18, na mzunguko kamili una mashimo 18, kwa hiyo alinipa mkwaju mmoja kila shimo. Nikipiga tano naye nne, tumegawana. Nilidhani ni huruma mpaka tulipofika la nane tukiwa sawa sawa na nikaona amekunja uso.

Shimo la mwisho siku hiyo tulilicheza kutoka tii ya mbele, pa tatu. Baba alipiga ukapanda grini, akausukuma mara mbili, tatu yake safi. Mimi nilifumba macho nusu, na mpira wangu, ambao kwa mwinuko wetu huu huruka mbali kidogo kuliko ungeruka Dar, ulidunda mbele ya grini, ukapanda, ukabingirika, ukasimama hatua moja kutoka kwenye shimo.

Sijawahi kupata bedi maishani mwangu. Niliinama nyuma ya mpira. Nikatafuta mlima uko upande gani ndani ya lile wingu, ili nijue mpira utaukimbia kwenda wapi. Kwa mkwaju wa bure niliokuwa nao, hata ningehitaji kuusukuma mara mbili bado ningeshinda, na Baba alilijua hilo kabla yangu.

"Chukua," alisema. "Umeingia."

Nilisimama. "Baba, niache niupige."

"Nimeshakuachia."

Nikamwambia sitaki kuachiwa. Akacheka, akauokota mpira wangu mwenyewe, akaufuta kwenye koti lake. Katika mchezo wa mashimo, mkwaju ukishaachiwa haurudishwi, wala huwezi kuukataa. Unahesabiwa kama umeingia. Mmoja wa tii, mmoja wa kuachiwa: miwili kwenye pa tatu.

Alitoa penseli mfukoni, akaandika 2 kwenye kadi yangu, akaizungushia duara kama wanavyofanya kwa bedi. Niliikunja mara mbili. Ipo kwenye kopo, pamoja na yake.